Mteja hajanilipa, TRA wanataka VAT yao tarehe 20: naweza kuhamia keshi?

Shikamoo kaka. Mimi niko Mtwara mjini, Ligula, nina kampuni ndogo tunafunga viyoyozi na kufanya matengenezo ya jenereta, wateja wetu wakubwa ni kambi za makampuni na maghala ya korosho hapa na Masasi. Tumesajiliwa VAT mwaka juzi baada ya mauzo kupanda. Shida yangu ni hii, mwezi wa tatu tarehe 29 tulimaliza kazi moja kwenye kambi, nikakata risiti ya EFD ya milioni 35.4, yani milioni 30 ya kazi na milioni 5.4 ya VAT, maana mhasibu wao alisema bila EFD hawaanzi hata kuandaa malipo. Spea nilizinunua Dar kwa keshi, milioni 14 na VAT yake 2,520,000. Mpaka naandika hapa sijalipwa hata mia, wanasema malipo yao ni siku 90 ila ukweli huwa inafika mwezi wa saba. Tarehe 20 mwezi wa nne ikanikuta, ikabidi nichukue hela ya mishahara nilipe VAT ya hela ambayo sijaishika. Rafiki yangu mmoja ana biashara pia, ananiambia nimekosea kujaza, yeye anahesabu kwa keshi, analipa kodi mteja akishalipa. Mwingine akasema nifute ile risiti nikate mpya mwezi wa saba. Na kuna mteja mwingine wa zamani kabisa anadaiwa tangu 2024 hapokei hata simu, na VAT yake nilishailipa. Nifanyeje kaka, maana kwa mwendo huu kazi kubwa ndo zitaniua.

Fundi, Ligula

Marahaba mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe usije ukasubiri: hapana, kwenye VAT ya Tanzania huwezi kuchagua kuhesabu kwa keshi, na ulivojaza ritani yako ya mwezi wa tatu umejaza sawa. Ila kuna vitu vitatu vinne ambavyo ungeweza kuvipanga kabla ya tarehe 29 ile na hiyo VAT isingetoka kwenye mishahara ya watu, na ndo huko nataka tuzungumze kwa kirefu.

Kwanza huyo rafiki yako. Sidhani kama anakudanganya, nadhani anachanganya kodi mbili. Kwenye kodi ya mapato sheria inamruhusu mfanyabiashara binafsi, yani mtu asiye kampuni, kuhesabu mapato yake kwa keshi, hela ikiingia ndo inaandikwa mapato. Kwa iyo kama yeye ni mtu binafsi mwenye leseni yake na TIN yake, anachosema kina ukweli kwa upande huo. Wewe ni kampuni, na kampuni hata kwenye kodi ya mapato inatakiwa ihesabu kwa kazi iliyofanyika, imelipwa haijalipwa. Lakini VAT ina sheria yake peke yake, ile ya mwaka 2014 iliyoanza kutumika Julai 2015, na yenyewe haiulizi wewe ni nani. Inaangalia matukio matatu, umetoa invoisi, umepokea malipo yote au sehemu, au mzigo umekabidhiwa na huduma imetolewa, na lolote kati ya hayo likitangulia ndo siku kodi inapoiva. Neno la kushika hapo ni likitangulia. Kwako wewe kazi iliisha tarehe 29 na risiti ikatoka tarehe hiyohiyo, matukio mawili kwa mpigo, hata kama ungeificha ile mashine ya EFD kabatini kodi ingekuwa imeshaiva kwa sababu viyoyozi vilikuwa tayari vinapuliza kule kambini.

Na hii ndo sababu ule ushauri wa pili, wa kufuta risiti ukate nyingine mwezi wa saba, naomba usiufuate kabisa. Bei haijabadilika, mzigo haujarudi, kazi haijakataliwa. Kredit noti ni kwa ajili ya mambo hayo, mteja amerudisha kitu, mmekubaliana kupunguza bei, au mlikosea hesabu. Mteja kuchelewa kulipa si mojawapo. Halafu fikiria upande wa pili, yule mhasibu wa kambi ile risiti yako ya Machi ameshaiingiza kwenye ritani yao na kudai ile 5.4. Ukiifuta wewe, TRA wanaona mnunuzi amedai kodi ambayo muuzaji hakuitangaza, na barua itaanzia kwako au kwake, kwa vyovyote vile uhusiano wenu unaharibika kabla hata hujalipwa.

Nchi nyingine zipo zenye huo utaratibu wa keshi, nisikufiche. Uganda wafanyabiashara wa VAT wenye mauzo chini ya kiwango fulani wanaruhusiwa kuomba, Uingereza ipo kwa biashara zenye mauzo yasiyozidi pauni milioni 1.35 kwa mwaka, Afrika Kusini ipo kwa watu binafsi wasiozidi randi milioni 2.5. Kwa hiyo ukisoma mtandaoni ukaona mtu anaelezea jinsi ya kuhamia keshi, angalia anaongelea nchi gani.

Ila hata huko keshi sio upendeleo wa upande mmoja, na hapa nataka uangalie kazi yako hiyohiyo kwa macho ya pande mbili. Kwa invoisi, ambavyo ndo tunafanya, ritani yako ya Machi ilikuwa na kodi ya mauzo 5,400,000, ukatoa kodi ya manunuzi ya spea 2,520,000, ukabaki na 2,880,000 ya kulipa tarehe 20 Aprili. Kwa hiyo hebu turekebishe kitu kimoja, TRA hukuwalipa 5.4, ulilipa 2,880,000, ile nyingine ulishailipa Dar dukani pamoja na spea. Jumla ya hela iliyokutoka kabla mteja hajatoa hata mia ni 16,520,000 ya spea na 2,880,000 ya TRA, inafika 19,400,000. Kwa keshi ungedai ile 2,520,000 Machi kwa kuwa spea ulizilipa taslimu, na 5.4 ungeipeleka Agosti baada ya kulipwa Julai. Hapo ungefaidika kweli. Lakini tuseme zile spea ungekopa Dar kwa siku 60. Kwa keshi usingeruhusiwa kudai chochote mpaka ulipe lile duka, wakati kwa invoisi unadai mwezi uleule risiti ya EFD ilipotoka, hata kama hujalipa. Umeona sasa, sheria inayokubana kwa mteja wako ndo hiyohiyo inakupa nafuu kwa muuzaji wako, na wewe umetumia ule upande unaouma tu, upande wa nafuu umeuacha kwa kununua keshi.

Kwa hiyo la kwanza la kufanya ni huko Dar. Wewe si mteja mgeni tena, una miaka kwenye hiyo kazi, kaa na duka moja au mawili unayochukua spea mara kwa mara omba mkopo wa siku 30 au 45 na risiti ya EFD itoke siku mzigo unapopakiwa. Risiti iwe na TIN yako na namba yako ya VAT, angalia hapohapo kabla gari haijaondoka kuja kusini, maana risiti iliyoandikwa jina la fundi wako au isiyo na namba haikusaidii kitu na kuibadilisha ukiwa Mtwara ni kazi. Na angalia tarehe. Kama kazi unamaliza tarehe 29 Machi hakikisha risiti za manunuzi ya kazi hiyo ziwe za Machi au nyuma, zisiwe za tarehe 2 Aprili, kwa sababu za Aprili zitaingia ritani ya Aprili na Machi utalipa 5.4 nzima nzima. Risiti ya nyuma ambayo hukuidai inaweza kudaiwa bado ila ina kikomo cha miezi sita tangu tarehe yake, ikipita hiyo umeisamehe. Najua mafundi wengi wana mfuko wa rambo umejaa risiti za mafuta na spea hazijaguswa, pitia wa kwako wiki hii.

Sasa la pili, na hili ndo ningependa ulishike kuliko yote. Mteja wako kama kasajiliwa VAT na anauza vitu vinavyotozwa VAT, ile 5.4 sio gharama kwake. Angalia kilichotokea kwa kambi ile: risiti yako ya tarehe 29 Machi waliiweka kwenye ritani yao ya Machi, tarehe 20 Aprili wakalipa TRA pungufu ya 5.4. Yani wewe tarehe 20 Aprili umetoa hela mfukoni, wao tarehe ileile wamebaki na 5.4 mfukoni kwa sababu ya karatasi yako, na hawajakulipa hata senti. Wakikulipa Julai watakuwa wameifaidi miezi mitatu. Mimi hili linaniumiza kila nikiliona maana makampuni makubwa wanalijua vizuri na mafundi wadogo hawaambiwi.

Ndo maana kwenye mkataba au LPO inayofuata, usiombe kulipwa yote mapema, watakukatalia, omba kitu kidogo chenye hoja. Sema hivi: bei ya kazi nitasubiri siku 90 kama utaratibu wenu ulivo, ila sehemu ya VAT ilipwe kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata invoisi. Ukikutana na mhasibu wao mweleze kwa utulivu kwamba fedha hiyo wanaipata kwenye ritani yao tarehe 20, kwa hiyo wanaitoa siku tano tu kabla ya kuipata tena. Mhasibu anayejua kazi yake hana hoja ya kupinga hapo, anaweza kusema mfumo wao hauruhusu kulipa invoisi vipande, na dawa yake ni kuandika kwenye LPO tangu mwanzo kwamba malipo ni mafungu mawili. Tuchukue kazi yako ya Machi kama ingekuwa hivo: tarehe 15 Aprili inaingia 5,400,000, tarehe 20 unatoa 2,880,000 kwa TRA, inabaki 2,520,000 ambayo ndo VAT uliyolipa Dar kwenye spea. Yani VAT yote, ya kuuzia na ya kununulia, inakuwa imejilipa yenyewe, unachosubiri mpaka Julai ni hela ya kazi yako tu. Mishahara haiguswi.

Hoja hii ina mipaka yake lakini, usiende nayo kila mahali. Mteja ambaye hajasajiliwa VAT, au anayefanya shughuli zilizosamehewa, yeye VAT yako ni gharama kamili, hairudishiwi, kwa hiyo hutamshawishi kwa njia hiyo. Na wale wa maghala ya Masasi, kama mteja ni msafirishaji wa korosho nje, mauzo yake yanatozwa asilimia sifuri, mara nyingi hana kodi ya kulipa ya kutosha kupunguza, anaomba kurejeshewa na marejesho yana foleni yake. Kwa hao bora uombe advansi ya kazi yenyewe. Ila ukumbuke advansi nayo ni malipo, siku inapoingia inaivisha kodi na unatakiwa kuitolea EFD, usije ukaipokea mwezi wa kwanza ukaihesabu mwezi wa tatu.

La tatu ni tarehe na jinsi ya kuikata kazi. Ritani ni ya mwezi wa kalenda, inalipwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kazi iliyoisha tarehe 29 Machi inalipiwa 20 Aprili, kazi iliyoisha tarehe 2 Aprili inalipiwa 20 Mei. Siku nne tofauti, mwezi mzima wa nafasi. Sikuambii uchezee tarehe, kama kazi imeisha Machi imeisha Machi na wao wana kitabu cha getini kinachoonyesha mafundi wako walitoka lini. Nachosema ni wakati wa kupanga ratiba, kama kazi ya wiki mbili unaweza kuianza tarehe 15 au tarehe 20 na mteja hana haraka, chagua ile itakayoisha mwanzoni mwa mwezi. Hapo unakuwa na karibu siku 50 kabla ya kodi badala ya siku 22, na kwa wateja wa siku 30 wenye kulipa kweli, hela inakukuta kabla ya tarehe 20.

Na kazi kubwa ikate vipande kwenye mkataba. Usiandike kufunga viyoyozi 24 kwa milioni 60 ukamaliza vyote ukatoa invoisi moja. Andika jengo la kwanza, jengo la pili, jengo la tatu, kila moja na bei yake na karatasi yake ya makabidhiano, kila moja inaiva mwezi wake na mteja anaanza kuhesabu siku 90 zake mapema kwa kile kilichokwisha. Matengenezo ya jenereta ya mwaka mzima hivyohivyo, yawe ya kila mwezi au kila robo mwaka, yasiwe invoisi moja ya mwaka unayoitoa Januari ukalipia kodi ya miezi kumi na mbili Februari. Nimeona mtu Lindi alifanya hivo kwa sababu mteja alimwambia ni rahisi kwao, ikamchukua mwaka mzima kupumua.

Hapo kwenye kauli ya bila EFD hatuanzi kuandaa malipo, kuna kitu kidogo cha kufanya. Wiki moja kabla kazi haijaisha peleka profoma, yenye kila kitu kama kitakavyokuwa kwenye risiti, namba ya LPO, jina kamili la kampuni, TIN yao, kiasi, VAT. Profoma sio invoisi ya kodi, haiivishi chochote. Kazi yake ni kuwafanya waseme mapema hapa LPO imezidi, hapa jina sio hili, hapa mnatakiwa kuambatanisha delivari. Siku kazi ikiisha EFD inatoka safi na siku zao 90 zinaanza siku hiyohiyo. Ninavyowaona watu wa Mtwara wakilipwa mwezi wa saba badala ya wa sita, mara nyingi ni kwa sababu risiti ilirudishwa mara mbili kwa makosa ya karatasi, na kila ikirudi foleni inaanza upya.

Kuna mtego mmoja hukuuliza ila najua utakukuta Julai, na unakula watu kimyakimya. Siku hela ikiingia, mtu wa ofisi yao ya malipo, sio yule mhasibu wa Machi, atakupigia aseme tutumie risiti ya EFD ya malipo haya. Binti yako wa ofisini ataikata bila kuwaza, milioni 35.4 nyingine, na mashine haijui kwamba hiyo ni kazi ileile. Agosti unalipa tena 5.4 kwa mauzo ambayo hayapo. Mauzo ya kazi moja yanapita kwenye EFD mara moja tu. Iliyokatwa Machi ndo hiyo, Julai watumie nakala yake na barua fupi au risiti ya kawaida inayosema tumepokea kiasi fulani kwa ajili ya risiti ya EFD namba fulani ya tarehe 29 Machi. Kujua kama tayari imeshakutokea huko nyuma, chukua ripoti za Z za mwezi mzima, zijumlishe, linganisha na daftari la invoisi zako. Ripoti za Z zikizidi daftari, tafuta kiasi kinachojirudia kwa mteja mmoja kwenye miezi miwili tofauti. Ukikipata usikinyamazie, kusanya risiti zote mbili, LPO, na taarifa ya benki inayoonyesha malipo yaliingia mara moja tu, uende nayo ofisi ya TRA mkoa mrekebishe kwa maandishi.

Sasa mwezi ambao umebanwa kweli, hela haipo. Jaza ritani hivyohivyo. Nasisitiza hili kwa sababu watu wakikosa hela wanaogopa na kujaza, wanadhani kujaza ni kujishtaki. Kutojaza kuna adhabu yake, inahesabiwa kila mwezi au sehemu ya mwezi na ina kima cha chini hata kama kodi yenyewe ni ndogo. Kutolipa kuna riba yake, hiyo inahesabiwa kila mwezi juu ya deni na juu ya riba ya nyuma. Ukijaza bila kulipa unabeba moja, usipojaza unabeba zote mbili. Halafu kabla ya tarehe 20, sio baada, andika barua ya kuomba kuongezewa muda au kulipa kwa awamu, sheria ya usimamizi wa kodi inaruhusu kuomba. Ambatanisha nakala ya risiti ya EFD ambayo hujalipwa na LPO yenye masharti ya siku 90, ili afisa aone kwamba hela ipo njiani na inatoka wapi, na pendekeza mwenyewe tarehe na kiasi, mfano milioni moja sasa na iliyobaki kwa awamu mbili. Riba usitegemee itasimama, ila unakuwa na mpango uliokubaliwa, usije ukaamka ukakuta akaunti ya benki imefungwa.

Tumalizie na yule wa 2024. Hapo sheria ina mlango, sio mpana lakini upo. VAT uliyokwisha kulipa kwenye deni lisilolipika unaweza kuirekebisha kwenye ritani yako, kwa masharti kwamba deni limepita zaidi ya miezi 18 tangu siku lilipotakiwa kulipwa, umelifuta kwenye vitabu vyako kama deni chechefu, na una ushahidi kuwa ulilifuatilia ipasavyo. Angalia vizuri, miezi 18 haianzi siku ya invoisi, inaanza siku ya mwisho ya kulipa. Kama invoisi ilikuwa ya tarehe 31 Machi 2024 na ulimpa siku 30, deni lilianza kuchelewa tarehe 30 Aprili 2024, miezi 18 ikatimia mwisho wa Oktoba 2025. Kama ulimpa siku 90, sogeza mpaka mwisho wa Desemba 2025. Na kama hamkuandika siku zozote popote, utapata tabu kuonyesha lini lilianza kuchelewa, ndo maana kila invoisi iandikwe tarehe ya mwisho ya kulipa, mstari mmoja tu chini ya jumla.

Ushahidi wa kulifuatilia usiwe simu peke yake, simu ambazo hazipokelewi hazionekani popote. Andika barua ya madai, ipeleke kwa mkono mpaka ofisini kwake, mtu aisaini nakala, kama wamehama andika hivyo na tarehe uliyoenda. Baada ya mwezi andika ya pili, na ya tatu iwe notisi ya wakili, hapo Mtwara mawakili wapo na notisi moja sio ghali. Halafu kikao cha wakurugenzi, hata kama wakurugenzi ni wewe na mkeo, kiandike azimio la kulifuta deni, kiasi bila VAT na VAT yake kila kimoja peke yake, mhasibu aliingize kwenye vitabu kabla ya ritani unayotaka kudai. Faili hilo moja, lenye risiti ya EFD ya 2024, nakala ya ritani ya mwezi ule inayoonyesha uliitangaza, barua zote na azimio, ndo afisa atakalotaka kuliona. Na kama siku moja yule bwana akitokea akalipa, yote au nusu, VAT ya kile alicholipa inarudi kwenye ritani ya mwezi huo, uiandike bila kusubiri kuulizwa.

Kwa hao wa kambi mlango huu bado haukuhusu, wao wanachelewa tu, hawajakataa. Ila andika barua leo ya kuwakumbusha na taja tarehe yao ya siku 90, ambayo kwa invoisi ya 29 Machi ni tarehe 27 Juni. Isainiwe nakala, uiweke kwenye faili.